Kumbukumbu za mkutano wa chama cha wakulima: jinsi ya kuandika mauzo, mikopo na michango ili hata asiyesoma azielewe

Mwaka jana, kwenye mkutano mmoja, niliandika katika kitabu cha chama: "Iliamuliwa kwamba wanachama wenye mikopo walipe mapema iwezekanavyo." Niliona nimeandika Kiswahili safi. Miezi mitatu baadaye mweka hazina akawa anamdai shosho mmoja, na shosho akasimama akasema, "Katibu, hebu nisomee uliyoandika." Nikasoma. Akauliza, "Mapema ni lini?" Hakuna aliyekuwa na jibu, hata mimi niliyeandika. Mwenyekiti alikumbuka mwisho wa Aprili, mweka hazina mwisho wa Machi, na shosho alikumbuka kwamba siku haikutajwa kabisa. Shosho ndiye aliyekuwa sawa.

Chama chetu kiko Ruai, karibu na Barabara ya Kangundo. Tuko wanachama 24, tunalima sukuma wiki, spinachi na managu. Zaidi ya nusu yetu hawakumaliza shule ya msingi, na wachache hawasomi kabisa. Kwao kumbukumbu si karatasi ya kusoma, ni maneno ya kusikia yakisomwa na mtu mwingine. Nilipolikubali hilo nilibadilisha namna yangu ya kuandika, na hapa naonyesha ninavyofanya sasa, kwa kutumia mkutano wetu wa Jumamosi tarehe 10 Mei 2025. Siku hiyo tuliamua mambo matatu yanayogusa mfuko wa kila mtu: kuuza pamoja, deni la mwanachama mmoja, na pesa ya kila mwezi.

Kabla ya mkutano: kitabu na namba

Nunua kaunta buku iliyoshonwa, si daftari la kuchana karatasi. Andika namba kwenye kila ukurasa kabla hujaanza kuitumia, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Ukurasa ukikosekana, namba itaruka na kila mtu ataona. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika lililo sahihi kando, kisha wewe na mwenyekiti mtie sahihi hapo. Usifute kwa rangi nyeupe. Panapofutwa, hata aliyefuta kwa nia njema atashukiwa.

Katika kumbukumbu watu wetu tunawaandika kwa namba za uanachama. Tuna akina mama watatu wenye jina moja, na mmoja wao ana mkopo. Ukiandika jina tu, siku moja deni litaenda kwa asiyedaiwa. Namba kila mtu anaijua kwa kichwa, hata asiyeandika, kwa sababu ndiyo anayoitaja akileta mboga.

Mwanzo wa mkutano: nani yuko, na je, tunatosha?

Andika siku, tarehe, mahali na saa. Saa iandike kama tunavyoisema, "saa nne asubuhi", kwa sababu ukiandika 10:00 anayesomewa atasikia saa kumi. Kisha orodhesha namba za waliokuja, waliotuma udhuru, na waliokosa bila udhuru. Siku hiyo walikuja 17, udhuru ulikuwa wa watatu, na wanne hawakuonekana. Jumlisha palepale: 17 na 3 na 4 ni 24. Isipofika idadi ya chama chote, kuna mtu umemsahau.

Hapo ndipo unapoandika akidi, yaani idadi ndogo kabisa ya watu wanaoweza kuamua kwa niaba ya chama. Hiyo iko katika sheria ndogo za chama chenu. Zetu zinataka zaidi ya nusu, kwa hivyo 13 wangetosha. Iandike wazi: "Akidi ni 13, waliopo ni 17, mkutano unaweza kuamua." Anayetaka kuupinga uamuzi wa pesa huanza kwa kuuliza kama mlikuwa mnatosha, na sentensi hiyo moja inamjibu.

Hapa Kenya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inampa kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mwenyekiti wetu hulisema hilo kwa sauti kabla ya kura yoyote, nami naandika kwamba amelisema. Wanachama wenye hisa chache walikuwa wananyamaza wakidhani kura zao ni ndogo.

Kila uamuzi ujibu maswali matano

Huu ndio moyo wa kazi ya katibu. Siandiki majadiliano yote, nani alikasirika, nani alimkatiza mwenzake. Nasubiri hadi mwenyekiti aseme "tumekubaliana", halafu nainua mkono nakiuliza kikao kizima: Ni nini kitafanyika? Ni nani atakifanya? Ni pesa au kilo ngapi? Ni siku gani? Asipofanya, itakuwaje? Jibu moja likikosekana, uamuzi haujaiva, na mjadala unarudi mezani. Wengine walikuwa wanachoka nami mwanzoni. Siku hizi shosho yule ndiye anayenikumbusha swali la tano.

Pesa naiandika mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. 800 inageuzwa 8,000 kwa kuongeza duara moja, lakini "mia nane" haigeuki. Na siku naiandika pamoja na tarehe, "Ijumaa tarehe 30 Mei", kwa sababu mtu asiyetazama kalenda hukumbuka Ijumaa.

Uamuzi wa kwanza: kuuza pamoja

Kila mmoja wetu alikuwa anauzia mabroka wanaokuja shambani, au anapeleka mwenyewe Marikiti usiku. Mei mvua ikinyesha vizuri sukuma hujaa kila mahali na bei hushuka; wiki ile broka alikuwa anatoa shilingi 15 kwa kilo. Shule moja ya bweni ilikuwa tayari kulipa shilingi 30 kwa kilo ikiletewa kilo 300 kila Jumatatu na Alhamisi, na kulipa kila baada ya wiki mbili.

Thelathini dhidi ya kumi na tano, mtu angedhani hakuna la kujadili. Lakini wanachama watatu walipinga, na sababu yao ilikuwa nzito: broka analipa papo hapo, na aliye na mtoto mgonjwa leo hawezi kungoja wiki mbili. Nililiandika hilo. Aliyepinga akisikia sababu yake imo kitabuni, huwa hana haja ya kuupinga uamuzi tena huko nje, na kikao kijacho kinaweza kuona alikuwa na hoja.

Hivi ndivyo nilivyoandika:

"KUMB. 3/05/2025: KUUZA SUKUMA WIKI PAMOJA. Mkutano umeamua kuiuzia shule kilo 300 kila Jumatatu na kilo 300 kila Alhamisi, kuanzia Jumatatu tarehe 19 Mei 2025 hadi shule ifunge Agosti. Bei ni shilingi 30 (thelathini) kwa kilo. Katika hizo, shilingi 3 (tatu) ni za pikapu, shilingi 1 (moja) ni ya mfuko wa chama, na shilingi 26 (ishirini na sita) ni za mwenye mboga.

Watakaoleta ni wanachama 12, kila mmoja kilo 25 kila safari: namba 1, 3, 4, 7, 9, 10, 12, 14, 16, 18, 20 na 22. Mboga zitakusanywa kwa namba 3, kando ya barabara, saa kumi na mbili asubuhi. Namba 7 atapima na kuandika. Jani lenye madoa, la njano au lililoloweshwa maji halitapokelewa, litarudi na mwenyewe.

Kilo zitakazolipwa ni zile zilizoandikwa na mzani wa shule kwenye karatasi yenye muhuri. Zikipungua, upungufu utagawanywa sawa kwa wote 12.

Asiyeweza kuleta amwambie namba 7 jioni ya siku iliyotangulia. Atakayekosa mara mbili bila kusema, nafasi yake itapewa mwingine.

Waliokubali 13, waliopinga 3, asiyepiga kura 1. Waliopinga walisema wiki mbili ni muda mrefu kungoja malipo."

Angalia kwamba 13 na 3 na 1 ni 17, sawa na waliokuwepo.

Ile sehemu ya mizani ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo inayosahaulika na vyama vingi. Sukuma wiki ikishachumwa inapoteza maji. Ukiipima alfajiri ikiwa na baridi, halafu ikae juani kwenye pikapu na kwenye foleni hadi jikoni kwa shule, mzani wa huko utasoma pungufu. Hakuna aliyeiba. Lakini kama kumbukumbu hazisemi mzani upi ndio wa kulipia, mwanachama atadai kilo zake 25 na shule italipa 24, na katikati atabaki mweka hazina akishukiwa. Na kama hazisemi upungufu unabebwaje, kila mtu atasema zilizopungua ni za jirani. Wapo watakaojaribu kurudisha uzito kwa kunyunyiza maji. Ndiyo sababu ya lile neno "lililoloweshwa". Mboga yenye maji huoza ikifungwa gunia, na gunia moja lililooza linaweza kurudisha mzigo wa wote 12.

Tulitaja pia mwisho, Agosti. Bila tarehe ya mwisho, shule ikifunga mtu mwingine ataendelea kuleta mboga kwa namba 3 zisiwe na mnunuzi.

Uamuzi wa pili: deni la namba 14

Hapa andika kwa uangalifu na kwa heshima. Mwanachama namba 14 alichukua mkopo wa shilingi 12,000 mwezi wa Januari, alipe 2,000 kila mwezi pamoja na riba ya shilingi moja kwa kila mia ya deni lililobaki. Alilipa Februari na Machi, deni likashuka hadi 8,000. Aprili hakulipa. Alisimama mbele yetu akaeleza kilichompata.

Kilichompata sikukiandika. Kitabu cha chama kinasomwa miaka mingi na watu wengi, na ugonjwa au mambo ya nyumbani kwa mtu si mali ya chama. Niliandika tu, "Namba 14 alieleza shida yake na mkutano ukamsikiliza." Deni ndilo linalotuhusu, na deni niliandika hadi senti ya mwisho.

"KUMB. 4/05/2025: MKOPO WA NAMBA 14. Deni lililobaki leo ni shilingi 8,000 (elfu nane). Riba ya Aprili ambayo haijalipwa ni shilingi 80 (themanini), na ya Mei ni shilingi 80 (themanini). Riba zote mbili ni shilingi 160 (mia moja na sitini).

Mkutano umeamua kwamba kuanzia malipo ya Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, mweka hazina atakata shilingi 500 (mia tano) kutoka kila malipo yake ya sukuma wiki, hadi deni liishe. Malipo ya kwanza yatakatwa pia riba ya shilingi 160. Riba ya miezi inayofuata itahesabiwa kwa deni lililobaki, si kwa 12,000 za mwanzo.

Shule ikifunga, atalipa shilingi 1,000 (elfu moja) kwa mwezi kwa M-Pesa ya chama kabla ya siku ya mwisho ya mwezi. Akikosa mara mbili kufuatana, kamati itakutana naye na wadhamini wake.

Namba 14 amekubali. Wadhamini wake, namba 6 na namba 19, walikuwepo, waliulizwa mmoja mmoja, nao wamekubali kuendelea kumdhamini kwa mpango huu mpya. Namba 14, 6 na 19 hawakupiga kura. Waliobaki 14 wote walikubali."

Wadhamini ni jambo la kutilia mkazo. Wao waliweka dhamana kwa mpango wa kwanza, wa miezi sita. Mkiubadilisha bila kuwauliza, siku deni likikwama watasema, "Huo si mkopo tuliodhamini," na watakuwa na haki ya kulalamika. Mdhamini asipokuwepo, andika uamuzi kuwa unangoja jibu lake, taja nani atamwendea na kabla ya siku gani. Usiandike "wadhamini wamekubali" kwa sababu tu hakuna aliyekataa.

Baada ya kuandika nilifanya hesabu kwa sauti, kwenye karatasi kubwa ya manila ukutani, kwa sababu namba 14 hasomi lakini pesa anaijua vizuri sana. Kabla ya Ijumaa tarehe 30 kutakuwa na safari nne. Tukisema kila safari inapungua kilo moja, atalipwa kilo 24 mara nne, yaani kilo 96. Mara shilingi 26 ni shilingi 2,496. Toa 500 za deni, toa 160 za riba, anabaki na 1,836 mkononi, na deni linakuwa 7,500. Akaniuliza, "Na riba ya Juni?" Nikamwambia 75. Akatabasamu, kwa sababu mahali alipokopa zamani riba haikuwahi kushuka hata shilingi moja hadi siku ya mwisho.

Uamuzi wa tatu: neno "mchango" lisiachwe peke yake

Sisi wote husema "mchango". Tatizo ni kwamba neno hilo linabeba pesa za aina tatu ambazo haziendi mahali pamoja. Kuna hisa, ambayo ndiyo inayokufanya kuwa mmoja wa wenye chama. Kuna akiba, ambayo ni yako na inaongezeka kwa namba yako. Na kuna ada au pesa ya shughuli fulani, ambayo ikitumika imetumika. Mtu akitoka kwenye chama baada ya miaka mitatu na kitabu kinasema "alitoa michango 7,200", atadai zote, na aliyebaki atasema nyingine zilinunua mzani. Wote wawili watakuwa wanasoma neno moja.

Kwa hivyo nikisikia "mchango" mkutanoni, nauliza: ni hisa, ni akiba, au ni pesa ya kutumika? Naandika lile jibu.

"KUMB. 5/05/2025: PESA YA KILA MWEZI. Kuanzia Juni 2025 kila mwanachama atatoa shilingi 200 (mia mbili) kwa mwezi, kabla ya tarehe 5. Shilingi 150 (mia moja na hamsini) ni akiba yake. Shilingi 50 (hamsini) ni za kununua mzani wa chama, na hazitarudishwa kwa mtu. Mzani ni shilingi 7,200 (elfu saba na mia mbili). Wanachama 24 wakitoa 50 kila mmoja ni shilingi 1,200 kwa mwezi, kwa miezi sita. Shilingi hizo 50 zitakoma baada ya Novemba 2025. Atakayetoa pesa taslimu apewe risiti palepale na mweka hazina. Waliokubali 17, hakuna aliyepinga."

Tulitaka kuweka faini ya anayechelewa. Nikafungua sheria ndogo, sikuona faini ya namna hiyo. Tukaiacha, na nikaandika kwamba kamati italeta pendekezo la kubadilisha sheria ndogo kwenye mkutano mkuu. Faini isiyo na msingi ikikatwa, mwanachama anaweza kuipeleka mbele, na kumbukumbu zako zitakuwa ndizo ushahidi dhidi ya chama.

Kabla watu hawajaondoka: soma, ulize, wapige vidole

Kumbukumbu zote huthibitishwa mkutano unaofuata, hilo ni la kawaida. Lakini mimi maamuzi ya pesa nayasoma siku hiyohiyo, kabla ya sala ya kufunga, watu wakiwa bado wanakumbuka. Nasoma polepole, uamuzi mmoja mmoja, kisha simuulizi yeyote "mmeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Namchagua mtu mmoja namwambia, "Mama, niambie wewe, Ijumaa ya tarehe 30 itakuwaje?" Akieleza sawasawa, tunaenda mbele. Akikwama, kosa ni la sentensi yangu, naiandika upya chini yake na kusoma tena. Siku ile nilirekebisha moja: watu wawili walidhani zile shilingi 500 ni kwa kila safari, si kwa kila malipo.

Kwa mkopo wa namba 14, yeye na wadhamini wake walitia sahihi au kidole gumba papo hapo. Pedi ya wino huwa nabeba. Kando ya kidole naandika, "Amesomewa kwa Kiswahili na kuelezwa kwa Kikamba na namba 9, amekubali," na namba 9 anatia sahihi kama shahidi. Kidole bila maneno hayo kinaonyesha tu kwamba mtu aliguswa mkono.

Pembeni mwa ukurasa nachora alama: jani kwa mauzo, mshale unaoshuka kwa mkopo, mkebe kwa michango. Asiyesoma akifungua kitabu anajua jambo lake liko wapi, na anamwomba mjukuu amsomee hapo tu. Jioni nasoma maamuzi mawili, ule wa mauzo na ule wa pesa ya kila mwezi, kwa sauti kwenye simu na kuyatuma katika kundi letu la WhatsApp, ili wale saba ambao hawakuja wayasikie kwa sauti ya katibu badala ya kuyaokota barabarani. Deni la mtu silitumi humo. Linabaki kitabuni.

Mkutano unaofuata: yatokanayo

Kipengele hiki wengi hukipita mbio, nami nakipa nafasi kubwa. Jumamosi tarehe 14 Juni, baada ya kumbukumbu za Mei kusomwa na kuthibitishwa, nilisoma kila uamuzi na kuuliza: limefanyika?

Deni la namba 14 lilikuwa limekatwa mara mbili, limebaki 7,000. Michango ya Juni iliingia kwa watu 21, na watatu wakataja siku zao. Kwenye mauzo ndipo tulipogundua pengo.

Mwenye pikapu alikuwa anadai shilingi 900 kwa safari. Tulipoamua shilingi 3 kwa kilo, sote tulihesabu kilo 300, na 300 mara 3 ni 900 kamili. Lakini shule ilikuwa inapokea kilo 288, na tulikuwa tumesema malipo yote yanafuata mzani wa shule. Kilo 288 mara 3 ni 864. Kila safari ilikosa shilingi 36, na kwa safari nne za malipo ya kwanza mfuko wa chama ulilipa 144 kimyakimya. Mweka hazina alikuwa ameliona hilo na alikuwa na wasiwasi kulisema. Uamuzi wangu ulijibu maswali yote matano na bado ulikuwa na shimo, kwa sababu gharama ya gari ni ya safari, nami niliiandika kana kwamba ni ya kilo.

Tuliirekebisha hivi, na katika kitabu niliiandika kwa namba mpya bila kugusa ile ya Mei:

"KUMB. 2/06/2025: KUREKEBISHA KUMB. 3/05/2025. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, pesa ya pikapu haitakatwa kwa kilo. Kila mwanachama atakayeleta mboga atakatwa shilingi 75 (sabini na tano) kwa kila safari. Watu 12 mara 75 ni shilingi 900 (mia tisa). Asipokuja mmoja bila kusema, 75 zake zitakatwa kwenye malipo yake yajayo. Mwenye mboga atalipwa shilingi 29 (ishirini na tisa) kwa kilo ya mzani wa shule, kabla ya kukatwa 75 hizo. Shilingi 144 (mia moja arobaini na nne) zilizotoka katika mfuko kwa safari nne za kwanza zimekubaliwa na mkutano. Zilizotoka kwa safari nne za pili, mweka hazina atazisoma mkutano wa Julai."

Kisha nikamgeukia namba 14 nikamwomba atuambie kilo 24 zitamletea ngapi kwa safari moja. Alihesabu kwa vidole, akarudia mara mbili, akasema 621. Tulikuwa tumezoea 624. "Shilingi tatu hizo," akasema, "ndizo zilizokuwa zinatoka kwa mfuko." Namba 7 aliyekuwa akipima akaomba hesabu hiyo iandikwe pia, nikaiandika.